Ukifuta ugonjwa kwenye faili, angalia usifute na utetezi wake

Kila mafaili ya wafanyakazi yakitakiwa kwenda kwa wapitiaji wa nje, tuseme ni rufaa za watu walioachishwa kazi, ugomvi ni uleule. Mmoja anasema ondoa jina, namba ya kitambulisho na mambo yote ya hospitali kwanza, alafu ndo ufupishe. Mwingine anasema ukitoa vyote hivyo unawapelekea mifupa mitupu, sasa watahukumu nini? Mimi kazi hii nimeifanya, nipo upande wa kutoa kwanza, ila huyu wa pili ana hoja nzito kuliko tunavyompaga.

Chukua mfano wa faili moja, nautunga ila ndo yanavyokuwa. Kurasa 38, mtunza stoo ameachishwa kwa utoro, siku 14 ndani ya miezi mitano. Humo ndani kuna barua ya kliniki ya figo, majina ya dawa, majibu ya vipimo, barua mbili za onyo na maelezo yake mwenyewe kwa mkono. Anayefuta akipita na wino mweusi kila penye neno la hospitali, muhtasari unatoka hivi: "Hakufika kazini siku 14. Sababu: imeondolewa." Mpitiaji anasoma hapo anaona mtoro. Wala hajakosea kusoma, ni sisi tumemwandikia hivyo! Kwenye faili halisi siku 11 kati ya hizo zilikuwa na cheti cha daktari na 3 ndo hazikuwa na taarifa yoyote. Kwa hiyo kwa kumlinda mtu siri yake tumemnyang'anya utetezi wake, na hapa ndo yule wa pili anapotushinda.

Ila dawa yake sio kurudisha figo. Mpitiaji hahitaji kujua ni figo au mgongo, anahitaji kujua kazi ambayo ule ugonjwa unafanya kwenye kesi: kulikuwa na cheti au hakikuwepo, kimeletwa kabla au baada ya onyo, daktari alishauri kupunguziwa kazi nzito au hapana, na ofisi ilijibu nini. Basi badala ya kufuta unabadilisha, "siku 11 za ugonjwa zenye cheti, siku 3 bila taarifa, cheti kinashauri asibebe mizigo, hakuna jibu la ofisi kwenye faili." Hapo siri ya mwili wake imebaki kwake na kesi imebaki nzima.

Tarehe nazo hivyohivyo. Ukiacha tarehe kamili mtu anaweza kuzioanisha na kumbukumbu zake ("aa, huyu ndo alilazwa ile wiki ya hesabu za stoo"), ukizifuta zote unaua mpangilio. Mi nahesabu kuanzia siku ya kwanza ya tukio. Cheti kimepokelewa siku ya 41, onyo la kutokuwepo kwa siku zilezile limeandikwa siku ya 43. Hizo siku mbili ndo moyo wa rufaa yote na hazimtaji mtu.

Sasa kwa nini kutoa kwanza, si tungefupisha kwanza alafu tukafuta kwenye kurasa mbili badala ya 38? Inavutia, najua, kazi ni ndogo. Tatizo ni kwamba anayefupisha hanakili, anasema kwa maneno yake. Kwenye faili imeandikwa jina la ugonjwa, yeye anaandika "anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki", wewe unayekuja nyuma kutafuta jina la ugonjwa kwenye komputa hulipati na unaona pako safi. Alafu muhtasari unakusanya. Vitu vilivyokuwa vimetawanyika ukurasa wa 4, wa 19 na wa 30, kila kimoja hakisemi kitu, vinakaa sentensi moja: "mtunza stoo pekee wa zamu ya usiku, wa makamo, aliyehamishwa kutoka tawi lingine." Jina halipo ila kila mtu wa ofisi ile kamjua. Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alikadiria mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kubainishwa kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta yao, na hiyo ni nchi nzima. Idara ya watu 20 je?

Kiswahili kwa hapa kinatubeba kidogo, "alichelewa" haisemi mwanamke au mwanaume. Alafu tunaharibu wenyewe kwa kuacha "mama huyu" au "likizo ya uzazi" katikati ya aya.

Kwenye majina kuna kosa ambalo watu wa upande wangu wanalifanya sana, kufuta kila jina kwa neno lilelile. Mfanyakazi anakuwa "fulani", msimamizi "fulani", shahidi "fulani". Wapitiaji wana mafaili tisa mbele yao, na kama msimamizi mmoja ndo kasaini maonyo sita kati ya hayo hawatajua kamwe, wakati hilo huenda ndo jambo kubwa kuliko yote. Mpe kila mtu alama moja isiyobadilika kwenye mafaili yote, M-07 kwa mfanyakazi, S-02 kwa msimamizi, ziwe za bahati nasibu, zisifuate herufi za majina wala tarehe za kuajiriwa. Na usitengeneze alama kwa kuipitisha namba ya kitambulisho kwenye fomula ya kuivuruga ukadhani umeificha. Namba ya tarakimu 8 ina michanganyiko milioni 100 tu, anayeijua fomula anaijaribu yote kwa komputa ya kawaida na haichukui muda. Orodha ya alama nani ni nani inakaa ofisini kwa mtu mmoja au wawili, haisafiri na mafaili. Na kwa ofisi yenye hiyo orodha, hata GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, inahesabu data yenye alama kuwa bado ni taarifa za mtu, kwa hiyo usiilegezee ulinzi.

(Wino mweusi wenyewe, nao ujaribiwe. Kisanduku cheusi juu ya maneno kwenye PDF mara nyingi ni kifuniko tu, ukichagua yale maandishi na kuyabandika pengine yanatoka yote. Na jina la mtu kwenye jina la faili lenyewe, hilo nimeliona zaidi ya mara moja.)

Kuna sehemu moja siwezi kumjibu vizuri mwenye hoja ya pili. Mpitiaji lazima aseme mapema kama ana undugu au ugomvi na mtu aliyeko kwenye faili, na hawezi kusema kama hajui ni nani. Tunachofanya ni kumpelekea kabla orodha ya majina ya idara nzima, waliomo na wasiokuwemo, anaweka alama anaowajua, sisi ndo tunaamua asipewe faili lipi. Kwenye idara kubwa inafanya kazi. Kwenye idara ya watu sita hamna orodha ya kumficha mtu, na hapo huwa namwambia mwenye faili wazi kabla halijatoka kwamba jina lake limetolewa ila anaweza kujulikana, alafu achague kama anataka mpitiaji wa mbali zaidi.