Plasma kwa mkono uliozoea macOS: anza na vitufe, si na mandhari

Aliyezoea macOS akihamia Plasma, eneokazi la KDE kwenye Linux, mara nyingi anakimbilia kutafuta mandhari iliyokamilika ili apate sura ileile kwa kubofya mara moja. Ninashauri asifanye hivyo. Kinachomsumbua si rangi wala umbo la aikoni, ni mkono. Mkono unakwenda kushoto juu kufunga dirisha, unapanda ukingoni mwa skrini kutafuta menyu, unashuka chini katikati kutafuta programu. Yote matatu yanapatikana kwa vipande vinavyokuja na Plasma 6 yenyewe.

Tena mandhari kamili, zile zinazoitwa Global Theme, si picha tupu. Zinaweza kubeba hati zinazoendeshwa ndani ya akaunti yako. Machi 2024 mtumiaji mmoja alisakinisha mandhari ya aina hiyo na faili zake zikafutwa, hata KDE wakalazimika kutoa tahadhari hadharani. Na hata mandhari salama, ukiiruhusu ibadilishe mpangilio wa eneokazi, inafuta paneli ulizozipanga na kuweka za kwake.

Kabla ya kugusa chochote, nakili faili tatu. Ya kwanza inashika paneli na wijeti zilizomo, ya pili vipimo vya paneli, ya tatu madirisha.

```
mkdir -p ~/akiba
cd ~/.config
cp plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc \
   plasmashellrc kwinrc ~/akiba/
```

Siku ya kuzirudisha kuna mtego. Plasma ikiwa inaendelea kufanya kazi, huandika upya mipangilio iliyo kichwani mwake juu ya faili ulizorudisha, nawe utadhani nakala zako ni mbovu. Kwa hiyo izime kwanza kwa `systemctl --user stop plasma-plasmashell`, rudisha faili, kisha iwashe kwa `start` mahali pa `stop`.

Sasa vitufe vya dirisha. Fungua System Settings, ingia Colors & Themes, halafu Window Decorations, ubofye Configure Titlebar Buttons. Utaona mchoro wa upau wa dirisha. Buruta kitufe cha kufunga, cha kushusha na cha kupanua uvipeleke kushoto kwa mpangilio huo. Vingine vyote vitoe kwenye mchoro. Ukishahifadhi, ndani ya `kwinrc` patasomeka hivi:

```
[org.kde.kdecoration2]
ButtonsOnLeft=XIA
ButtonsOnRight=
```

X ni kufunga, I ni kushusha, A ni kupanua. Wengi wanasahau herufi M, yaani kitufe chenye aikoni ya programu, ambacho kinakaa kushoto tangu mwanzo. Kikibaki, mpangilio unakuwa MXIA. Kwa macho hauna kasoro, lakini kitufe cha kufunga kimesogea nafasi moja, na mkono unaokwenda bila kuangalia utafungua menyu kila mara. Kiburute M ukitoe kabisa.

Kwa mapambo yenyewe, baki na Breeze, yale yanayokuja na Plasma. Zipo mandhari nyingi za Aurorae zinazochora vile viduara vitatu vyekundu, njano na kijani, na zinavutia kwenye picha. Ila ukiikuza skrini kwa 125% au 150%, viduara hivyo huweza kutoka na kingo zilizofifia. Halafu programu zinazojichorea upau wao wenyewe, kama nyingi za GNOME, hazitumii Aurorae hata kidogo, kwa hiyo unaishia na madirisha ya sura mbili mezani pamoja. Mpangilio wa vitufe, kinyume chake, Plasma huupeleka hadi kwa programu za GTK, na ndiyo maana nauthamini kuliko rangi. Ndani ya mipangilio ya Breeze weka jina la dirisha katikati kwa Center (Full Width), basi.

Paneli ya juu inafuata. Bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi, chagua Enter Edit Mode, halafu Add Panel, kisha Empty Panel. Usiifute paneli ya zamani mpaka mpya imekamilika, maana humo ndimo ilimo trei ya mfumo. Ipandishe paneli mpya ukingo wa juu, uizimie hali ya kuelea, na unene uwe kama pikseli 28. Weka wijeti kwa mfuatano huu: Application Launcher, Global Menu, Panel Spacer, System Tray, Digital Clock. Ile Panel Spacer lazima iwe ya kutanuka. Ikifungwa kwenye kipimo kimoja, saa itasogea na kurudi kila menyu inapobadilika urefu, na hapo ndipo watu huilaumu trei isiyo na kosa.

Global Menu ndiyo roho ya mpangilio huu na ndiyo inayovunja watu moyo. Ukiiweka, menyu za programu za Qt kama Kate na Okular hutoka ndani ya dirisha na kupanda juu. Programu za GTK ni habari nyingine: kwenye X11 zinahitaji kifurushi cha `appmenu-gtk-module`, na kwenye Wayland kifurushi hicho hakizisaidii. Njia ya kupima ni fupi. Fungua Kate uangalie juu. Menyu ikionekana, wijeti ni nzima, na nafasi tupu unayoiona kwenye programu nyingine inatokana na programu hiyo. Kate nayo ikiwa tupu, kosa liko kwenye paneli. Nusu ya programu unazotumia kila siku zikiwa hazipandishi menyu, ninaona ni bora uiondoe Global Menu kabisa. Menyu zitarudi madirishani zenyewe, na utajua pa kuzitafuta.

Doki ya chini ni paneli nyingine tupu, yenye wijeti moja tu: Icons-only Task Manager. Iweke katikati, upana uwe Fit Content, unene pikseli 56 hivi, hali ya kuelea iwashwe, na mwonekano uwe Dodge Windows ili ijifiche dirisha linapoigusa na kurudi likiondoka. Latte Dock, ambayo miongozo mingi ya zamani bado inaitaja, iliachwa na mtengenezaji wake mwaka 2022, usihangaike nayo. Vivyo hivyo wijeti zilizoandikwa kwa Plasma 5: hazifanyi kazi kwenye 6 mpaka mwandishi wake azihamishe.

Yapo mambo mawili ambayo mpangilio hautayafikia. Kwenye macOS, kufunga dirisha la mwisho aghalabu hakuizimi programu. Kwenye Plasma mara nyingi kunaizima, na hakuna wijeti ya kulibadilisha hilo. La pili ni la kona. Dirisha likipanuliwa chini ya paneli ya juu, kona ya skrini ni ya paneli, si ya dirisha. Ukiurusha mshale mpaka kona ya kushoto ukabofya, unafungua Application Launcher. Kitufe cha kufunga kiko chini yake kwa zile pikseli 28.