Mtu nyuma ya uzio: tumfiche yeye, au tuinakili nguzo?

Mtu anapoongezwa katika picha iliyopigwa kupitia uzio, wahariri wa picha hugawanyika pande mbili. Wa kwanza huweka maski kwenye tabaka la mtu huyo na kumficha kila mahali ambapo nguzo au waya unapita, kwa hiyo uzio unaoonekana unabaki ule ule wa picha ya awali. Wa pili hunakili nguzo na waya, huziweka katika tabaka jipya lililo juu kabisa, kisha humwingiza mtu kati ya tabaka hilo na picha ya awali.

Tuchukue picha ya timu ya shule iliyosimama uwanjani, mpigapicha akiwa nje ya uzio wa seng'enge wenye kimo cha mita 2. Upande wa kushoto inapita nguzo ya chuma, na hapo ndipo anapotakiwa kuongezwa mchezaji ambaye hakuwepo.

Wanaopendelea maski wana hoja nzito: nguzo haijaguswa, hivyo mwanga wake, kutu yake na chengachenga za kamera vyote vinabaki vya kweli. Lao linaloharibika mara nyingi ni hili, kwamba maski imefungwa pamoja na tabaka, na mtu akisogezwa kidogo, tundu lenye umbo la nguzo linasogea naye. Dawa yake ni kumweka mtu ndani ya kundi la tabaka, akiwa na maski yake ya kumtenga na mandhari aliyotoka, kisha kuweka maski ya uzio kwenye kundi zima. Hapo anaweza kusogezwa au kupunguzwa kimo, na uzio ukabaki mahali pake.

Wanaonakili nguzo hudai kuwa njia yao hutoa kingo safi zaidi. Dai hilo, kwa jinsi linavyotolewa, si sahihi. Pikseli ya ukingoni imechanganya tangu mwanzo rangi ya nguzo na rangi ya kilichokuwa nyuma yake. Ikiwa ni nusu nguzo na nusu anga, na mtu mwenye jezi nyeusi akawekwa hapo, tunachotaka ni nusu nguzo na nusu jezi. Tunachopata ni nusu jezi, robo nguzo na robo anga. Hesabu hiyo ni moja kwa njia zote mbili, na ndiyo inayoleta ule uzi mweupe unaoizunguka nguzo na kumsaliti mhariri. Tofauti inaanza baadaye: nguzo iliyonakiliwa ina tabaka lake, kwa hiyo mtu anaweza kufunga uwazi wa tabaka hilo na kupaka rangi ya chuma juu ya kingo zilizochafuliwa na anga, bila kuigusa picha ya awali.

Kwa sababu hiyo naona uamuzi utokane na upana wa ukingo. Nguzo iliyo wazi kwenye fokasi ina mchanganyiko wa pikseli chache tu, na maski inatosha. Nguzo iliyo karibu sana na kamera, yenye ukungu mpana, ina mchanganyiko huo karibu mwili mzima; hapo kuinakili na kuisafisha rangi ni lazima, na maski yenye ukingo mkali humfanya mtu aonekane kama amekatwa kwa wembe. Waya mwembamba nao uko upande huu, kwa kuwa karibu kila pikseli yake ni ukingo.

Hata hivyo, pande zote mbili husahau kwamba kufunikwa na nguzo hakutoshi kumweka mtu nyuma yake ikiwa kimo na miguu vinasema vingine. Tuseme kamera ilishikwa sentimita 150 kutoka ardhini, uwanja ni tambarare, na nyayo za mchezaji ziko pikseli 600 chini ya mstari wa upeo. Mstari wa upeo huwa kwenye kimo cha kamera, kwa hiyo pikseli hizo 600 ni sawa na sentimita 150 mahali aliposimama, yaani pikseli 4 kwa kila sentimita, na mwenye kimo cha sentimita 170 anapaswa kuwa na pikseli 680. Kitako cha nguzo kikiwa pikseli 1,200 chini ya mstari huo, nguzo iko katika nusu ya umbali wa mchezaji kutoka kwenye kamera. Nyayo zikishuka chini ya kitako hicho, mtu amesimama mbele ya uzio huku uzio ukimfunika, na jicho hukataa hata kama mtazamaji hawezi kutaja kosa.

Kivuli nacho kina hoja yake. Jua likiwa nyuma ya mpigapicha, nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli cha uzio wa mita 2 hufika mita 2 ndani ya uwanja. Mchezaji aliyesimama mita 1 nyuma ya uzio lazima apate kivuli cha waya kuanzia miguuni hadi mita 1 juu ya mwili wake, kikipinda kufuata mikunjo ya kaptula. Aliyesimama mita 3 nyuma hapati chochote. Kivuli hicho kiwe katika tabaka lililobanwa kwenye tabaka la mtu, kwa hali ya Multiply inayotia giza kilicho chini yake, na liwe chini ya uzio wenyewe.