Umbali wa Kilimia na tarakimu za kikokotoo

Kilimia, lile kundi la nyota ambalo hapa Mombasa huonekana vizuri upande wa kaskazini jioni za Desemba, liko umbali wa takriban parseki 136, parseki ikiwa kizio ambacho wanaastronomia hupimia umbali wa nyota. Msomaji wa makala ya astronomia anayetaka miaka ya nuru huzidisha idadi hiyo kwa 3.26, akapata 443; anayetaka kilomita huzidisha 136 kwa trilioni 30.86, akapata trilioni 4,197. Kosa linalotokea mara nyingi ni kugawanya mahali pa kuzidisha, nalo hujionyesha lenyewe: parseki ni ndefu kuliko mwaka wa nuru, kwa hiyo idadi ya miaka ya nuru lazima iwe kubwa kuliko ya parseki, na aliyepata 42 ajue amegawanya.

Kosa linaloniudhi zaidi halijionyeshi. Kikokotoo cha simu kikipewa 3.2616 badala ya 3.26 hutoa 443.5776, na wapo waandishi wanaozinakili tarakimu zote hizo, kisha wakaendelea nazo hadi kwenye kilomita, kana kwamba kuna mtu aliyepima umbali huo kwa usahihi wa namna hiyo.

Hakuna aliyepima hivyo. Dunia inapolizunguka Jua, nyota iliyo karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya nyota za mbali, na nusu ya msogeo huo ndiyo paralaksi yake. Ukigawanya 1 kwa paralaksi iliyopimwa kwa sekunde za tao, ambazo ni 3,600 katika digrii moja, unapata parseki moja kwa moja. Paralaksi ya Kilimia ni kama 0.0074 tu ya sekunde moja, na katika pembe ndogo kiasi hicho kosa dogo la kipimo huwa kosa kubwa la umbali. Ndivyo ilivyotokea: vipimo vya setilaiti ya Hipparcos, vilivyotolewa mwaka 1997, viliiweka Kilimia karibu na parseki 120, ilhali vya Gaia, vilivyokuja baadaye, vimeipeleka kwenye 136. Tofauti hiyo ya parseki 16 ni miaka ya nuru 52, au kilomita zipatazo trilioni 500. Mtu aliyeandika umbali wa Kilimia hadi kilomita ya mwisho katika miaka ile alikuwa amekosea kwa matrilioni, na wingi wa tarakimu zake ulimficha msomaji shaka iliyokuwamo.

Kwa maoni yangu, mwandishi aibakize parseki kama ilivyo kwenye chanzo chake, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na kipimo chenyewe, kisha aongeze "takriban miaka ya nuru 440" kwa ajili ya msomaji. Kilomita aziache kwa sayari na Mwezi. Akilazimika kuzitaja kwa nyota, trilioni 4,200 zinatosha.