Landlodi akikwambia utengeneze mwenyewe, kubali haraka

Watu wengi wakiambiwa na landlodi "tengeneza ulichoharibu kabla hujahama" wanaona kama wanaonewa, ati si akate tu kwa dipoziti yamalizike. Mimi naona kinyume. Nilipokuwa nahama Umoja hapa Nairobi keateka alishanipigia hesabu ya elfu kumi na mbili kwa ukuta mmoja, na dipoziti yenyewe ilikuwa elfu kumi na nane, halafu mzee mwenye nyumba akasema, "Kijana, mimi sitaki pesa yako, nirudishie ukuta wangu." Kwangu hiyo ilikuwa bahati.

Kosa lilikuwa langu kweli. Nilitoa breketi ya tivii kwa nguvu, ikang'oka na plasta, ikaacha mashimo manne moja linaingia ngumi. Fundi akaniambia fila ikikauka hunywea kwa hivyo akajaza leo akarudia kesho, akapiga msasa, ndio akapaka rangi. Sasa hapa ndipo wengi huharibu, unapaka kile kiraka tu na rangi ya namba ileile, kumbe ukuta umekaa miaka mitatu umefifia, kiraka kinang'aa kama shati lililotiwa kiraka cha kitambaa kipya. Lazima upake ukuta mzima kona hadi kona, mara mbili. Rangi lita nne, fila, msasa na siku mbili za fundi, nilitumia kama elfu sita hivi. Nusu ya ile hesabu ya keateka.

Lakini usikubali kwa mdomo tu. Nilimwandikia mzee kwa Wasapu nitakachotengeneza ni mashimo ya sebuleni na bawaba ya kabati, basi, na picha nikatuma, akajibu sawa. Kwa sababu keateka alikuwa ameanza kuongeza rangi ya bedrumu pia, na hiyo ilififia yenyewe kwa jua, sikuiharibu mimi, kwa nini nilipie? Na usingoje siku ya mwisho, fila mbichi ikipakwa rangi hutoa mpasuko na wewe ukipitisha tarehe unadaiwa kodi ya mwezi mwingine.

Kitu kimoja nilikataa. Soketi ya jikoni nilikuwa nimeivunja kifuniko na nyuma yake waya zilikuwa zimeungua kidogo, hiyo nikamwambia mzee alete fundi wake wa stima, gharama akate kwa dipoziti. Ukuta ukiharibika utaonekana, waya ikifungwa vibaya utaisikia kwa mwenye kuhamia baada yako.

Siku ya kukabidhi mzee alikuja saa kumi, jua linaingia dirishani kwa pembeni, akasimama karibu na ukuta akautazama kwa upande, maana hivyo ndivyo mabonde huonekana. Akapitisha kiganja. Funguo nikazitoa hapohapo, si kabla, na Jumanne pesa ikaingia, imekatwa mia nane ya soketi na picha ya risiti juu.