Mvua "Isiyo ya Kawaida"

Mtu mzima na mvi zangu, nimeamkia kusukuma maji sebuleni kwa fagio. Umeme tuuache. Paa halivuji, tena msiniulize. Gata ndiyo iliyojaa ikatapika, na kwa kuwa fundi aliinua ukingo wa mbele wa gata kuliko wa nyuma, ikatapikia ukutani badala ya uani.

Fundi mwenyewe kaja, katazama juu, katikisa kichwa. "Mzee, mvua ya jana haikuwa ya kawaida."

Nikamjibu kwa heshima zote: ndugu yangu, tuhesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Upande huu wa paa una urefu wa mita 12, na upana, ukiupima chini kwenye ardhi wala si juu ya mteremko wa bati, ni mita 5. Hizo mita za mraba 60. Mvua ikipiga kwa kasi ya milimita 150 kwa saa, ni lita 9,000 kwa saa, yaani lita 2.5 kila sekunde.

"Lakini haikunyesha saa nzima, mzee," akasema, akidhani kanibana.

Fundi! Gata si tangi! Dakika tano za kasi hiyo zinatosha kunizamisha. Na hii yako ya nusu duara, upana milimita 100, ikilazwa karibu sawasawa inapitisha lita 0.8 hivi kwa sekunde. Nyingine ziende wapi, kwa mjomba?

"Basi tuweke bomba kubwa pale kona."

Nikavuta pumzi. Jana nilisimama na mwavuli nikiangalia. Kona ya mbali gata inamwaga, huku karibu na tundu la bomba maji yako chini, yanashuka bila shida. Maana yake gata ndiyo ndogo. Ingekuwa imejaa hadi pale tundu lilipo, hapo ningelilaumu tundu. Sasa bomba kubwa litanisaidia nini? Hamishia tundu katikati, kila nusu ilete lita 1.25. Kisha weka gata ya milimita 125, inayobeba kama lita 1.3. Inatosha kwa shida, lakini inatosha. Tundu liwe la milimita 100, maana lita zote 2.5 zitakutana hapo.

Akafikiri. Akafikiri tena. "Bomba katikati litaharibu sura ya nyumba, mzee."

Sura! Sebule inataka kufugwa kambare, wewe unanihubiria sura!

Amekubali hatimaye, ila anataka ngazi. Ngazi ninayo, iko kwa jirani tangu alipokuja kuiazima abadilishe balbu. Nikienda kuidai ataniuliza naitaka ya nini, na itarudi lini.