Asilimia 2 Inayokula Karibu Nusu

"Ada ni asilimia 2 tu kwa mwaka. Mfuko ukipata 10, nabaki na 8. Tatizo liko wapi?"

Ndivyo husema wengi wanaoweka fedha kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako meneja huwekeza fedha za watu wengi kwa ada. Kwa anayechukua faida yake kila mwaka, tatizo ni dogo. Mwenye hatifungani anayetumia kuponi zake zote, yaani riba anayolipwa, ana mtaji uleule siku zote. Shilingi 1,000,000 kwa asilimia 10 humpa laki moja kwa mwaka, milioni 3 kwa miaka 30. Akitozwa elfu ishirini kila mwaka, jumla ni laki sita, na habari imeishia hapo.

Mwenye vipande, yaani sehemu za mfuko, anayeacha faida izae faida yuko kwenye hesabu nyingine. Milioni yake ikikua kwa asilimia 10 bila ada, baada ya miaka 30 inafika milioni 17.4. Ikikatwa asilimia 2 ya thamani yote kila mwisho wa mwaka, inafika milioni 9.5. Pengo ni karibu milioni 7.9, lakini ukijumlisha ada zote alizokatwa hupati zaidi ya milioni 2.4 hivi. Hizo nyingine, kama milioni 5.5, hazikuingia mfukoni mwa meneja wala mwa mtu yeyote. Ni faida ambayo ada zile zingezaa kama zingebaki. Ada ya mwaka wa kwanza ni shilingi 22,000, kiasi ambacho wengi hawagombani nacho. Ikiachwa ndani hadi mwisho, ingekuwa takriban 349,000.

Na kuongeza faida hakumwokoi mwekezaji. Mfuko upate asilimia 6 au 14, ada hii itaondoa sehemu ileile ya thamani ya mwisho: kama asilimia 18 kwa miaka 10, theluthi kwa miaka 20, asilimia 45 kwa miaka 30.

Mameneja wana hoja ya haki. Mwenye laki mbili hawezi kirahisi kutawanya fedha zake kwenye hisa na hatifungani nyingi, na kazi hiyo ina gharama. Hiyo milioni 9.5 bado ni kubwa kuliko milioni 2.4 ambazo angepata kwenye akaunti ya akiba ya asilimia 3. Kwa anayeweka fedha mwaka mmoja, ada haimtishi.

Ninachokipinga ni ukimya wa ada hii. Ada ya usimamizi hukatwa kwenye mali ya mfuko kabla ya bei ya kipande kutangazwa, kwa hiyo kwenye taarifa yako huoni mstari wa makato. Unaona bei inapanda, unaridhika. Tafuta ada hiyo kwenye waraka wa mfuko, pamoja na gharama za mtunza mali na ukaguzi, ujumlishe zote. Kisha angalia mfuko umeshika nini. Ukikuta karibu wote ni hatifungani za serikali zinazosubiri kuiva, kazi ya uchaguzi ni ndogo, na asilimia 2 inahitaji maelezo ambayo meneja anapaswa kukupa.