Bomba B

Mimi ni fundi bomba. Naanza na hilo ili aibu yangu ipimwe vizuri.

Jumapili usiku mpwa wangu wa darasa la sita akanitumia picha ya skrini. "Shikamoo mjomba, hili lako." Swali la tangi! Nikasogeza sahani ya wali pembeni.

Bomba A hujaza tangi kwa saa 3. Bomba B hu... na hapo, juu ya neno lenyewe, kimekaa kitufe cha duara cha kijani chenye alama ya kujumlisha. Kisha: tangi kwa saa 6. Yote yakifunguliwa pamoja, tangi tupu litajaa kwa saa ngapi? Majibu ya kuchagua yalikuwa yamelaliwa na tangazo la kubeti.

Nikasema, wametuwekea hadi alama! Kwa saa moja A linajaza theluthi, B sudusi, jumla nusu tangi. Saa 2. Nikamrekodia sauti ya dakika nne, na humo nikagusia miaka yangu kazini.

Jumatatu jioni akaja na daftari. X nyekundu.

"Mwalimu kasema saa 6, mjomba."

"Lete simu."

Kwanza nikataka kulifunga tangazo. Ule msalaba wa kulifungia ni kama punje ya mchele, na kidole changu kimezoea spana. Nikajikuta naombwa nijisajili kubeti. Nikarudi. Nikausukuma ukurasa juu kidogo. Maandishi yakapanda, kitufe kikabaki palepale kama mlinzi wa geti, na chini yake neno likachomoza: hukausha.

Linakausha! Theluthi toa sudusi, inabaki sudusi: saa 6. Ile alama ya kujumlisha ilikuwa ya kuongeza swali jipya.

Nikasukuma tena, majibu yakatoka nyuma ya tangazo: A ni 2, B ni 6. Kumbe hata ningeyaona yasingenisaidia. Ile 2 waliiweka kwa ajili yangu.

Likabaki jina la programu, lililopita mshazari kwa kijivu juu ya swali zima. Lenyewe lilipanda pamoja na maandishi, maana limechapwa humo humo, na lilikatiza kwenye ile 3.

"Mjomba, una hakika hiyo si 8?"

Hapo ufundi ukanirudia. Bomba linalojaza kwa saa 8 likishindana na linalokausha kwa saa 6, tangi halijai hata ukeshe. Swali limeuliza litajaa lini, basi ni 3. Ingekuwa 3 au 5, ujanja huo usingefaa. Zote zinajaza, ningemwambia akamwombe mwenzake mwenye kitabu.

Siku hizi hunitumia picha mbili za swali moja, ya pili kaisukuma juu. Jana ameongeza na ya tatu: tangi letu la uani, lile linalovuja tangu Pasaka.

"Na hili, mjomba, bomba B liko wapi?"